Tangazo la laivu ya vipodozi: saa, seti na utaratibu wa "niwekee"

Swali: *Shikamoo mama. Nina kibanda cha vipodozi Mwanjelwa, Mbeya, na wateja wangu wengi nawapata Instagram na WhatsApp. Jumamosi ya tarehe 18 Julai nataka kufanya laivu yangu ya kwanza, niuze seti tatu: ya baridi, ya uso na ya sherehe. Tangazo niliandikeje? Mwezi uliopita niliposti ofa, watu kibao wakaandika "niwekee", nikawawekea. Nusu hawakuja kabisa, na waliokuja na hela mkononi nilikuwa nimeshawaambia imeisha. Sitaki yanikute tena.*

Jibu: Marahaba mwanangu. Tangazo zuri la laivu linaanzia kwenye shelfu, simu inafuata baadaye. Mteja akisoma tangazo lako anachukua ahadi tatu: kwamba saa fulani atakukuta hewani, kwamba mzigo uliouonyesha upo, na kwamba akifuata utaratibu uliousema kitu kitakuwa chake. Mwezi uliopita ahadi ya tatu haikuwa na idadi wala mwisho. "Niwekee" ilikuwa bure, na kitu kinachowekwa bure mtu hana haraka nacho. Nitakupitisha kwenye kazi yote kwa mfano wenye namba, kisha nikupe tangazo lenyewe uliandike kwa majina na bei zako.

Kabla hujamwambia mtu yeyote tarehe, hakikisha akaunti yako inaruhusiwa kwenda laivu. Instagram siku hizi inataka akaunti iliyo wazi kwa watu wote na wafuasi wasiopungua 1,000. Fungua sehemu ya laivu leo, uone kama inakubali. Ikigoma, ujue leo na si Jumamosi usiku watu wakiwa wanakusubiri.

Sasa hesabu. Kaa chini na mzigo, upange seti kwa mkono, moja moja, kama vile unamfungia mteja. Usihesabu kwa kichwa. Tuseme una losheni za glisarini 18, mafuta ya nazi chupa 20 na lipubamu 14. Seti ya baridi inabeba kimoja cha kila aina, kwa hiyo kilicho kichache ndicho kinachoamua: seti haziwezi kuzidi 14, hata losheni zikibaki. Hilo wauzaji wengi wanalijua. Linalowaponza ni kitu kimoja kuingia kwenye seti mbili. Tuseme kwenye seti ya sherehe nako umeweka lipubamu, na una seti za sherehe 10. Kwenye tangazo utaandika baridi 14 na sherehe 10, maana yake umeahidi lipubamu 24 na unazo 14. Kila seti ukiitazama peke yake iko sawa, na bado kuna wateja 10 ambao umewadanganya bila kukusudia. Tiba yake ni kuitoa lipubamu kwenye sherehe na kuweka kitu ulichonacho kwa wingi, au kugawanya zile 14 kwa maandishi kabla ya kutangaza. Mimi ningeitoa, maana baridi ya Julai ndiyo inayopasua midomo Mbeya.

Kwenye zile 14, ondoa mbili. Moja utaifungua kwenye laivu, watu waone losheni ilivyo mkononi na lipubamu inavyozunguka. Ikishafunguliwa haiuzwi tena kama mpya. Nyingine ni ya kubadilisha, kwa chupa itakayokutwa imevuja au kifuniko kimepasuka. Zinabaki 12 za kutangaza. Fanya vivyo hivyo kwa seti ya uso: sabuni za uso 20, sanskrini 11, seramu ya vitamini C 9. Seramu ndiyo inayoamua, ondoa mbili, unatangaza 7. Seramu hizo zitazame rangi kabla. Vitamini C ikikaa vibaya hugeuka kutoka rangi ya maji au manjano hafifu na kuwa kahawia, na ikifika hapo imeshapoteza nguvu. Ukikuta chupa moja imegeuka, una 8, unatangaza 6. Soma pia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila bidhaa, hasa ile unayotaka kuiondoa haraka. Ofa inayobeba kitu kinachokaribia kuisha muda, bila mteja kuambiwa, itakurudia.

Seti ya sherehe ina shida yake, nayo ni rangi. Faundesheni 10 si kitu kimoja mara kumi. Tuseme mbili ni za wateja weupe, tano za maji ya kunde na tatu za weusi. Ukitangaza "seti 10 za sherehe", mteja mweusi wa nne atalipa na hutakuwa na chake. Kwa hiyo tangaza kwa rangi: weupe 2, maji ya kunde 5, weusi 3. Hapa usifungue chupa mpya. Tumia testa uliyonayo. Na seti hii yote iuze kabla ya laivu. Usiku, chini ya taa ya manjano ya kibandani, rangi ya faundesheni inadanganya na kamera inaongeza uongo wake. Mteja akichagua kwa kuangalia skrini atakurudishia. Mwambie akutumie picha ya uso aliyopiga mchana karibu na dirisha, bila filta, wewe umchagulie rangi, mkubaliane, ndipo alipe. Kwenye laivu utaonyesha jinsi ya kupaka tu.

Hizi nyingine mbili usizifungulie zote mapema. Kwenye zile 12 za baridi, ruhusu 8 ziwekewe oda kabla, na 4 ziwe za laivu. Kwenye 7 za uso, toa 4 kabla na uache 3. Ukiuza zote Ijumaa, Jumamosi watu watakuja kutazama mzigo wa wenzao, na laivu inayofuata hawatakuja. Ukiacha zote kwa ajili ya laivu, mteja wa Chunya ambaye mtandao wake unakatika atakosa kila mara, na huyo ndiye anayenunua bila kubishana bei.

Kuhusu saa, chagua muda ambao mteja wako ameshashika simu na bado hajalala. Wanawake wenye biashara sokoni wanafunga jioni, wanarudi, wanapika. Taarifa ya habari ni saa 2:00 usiku. Mimi ningeanza saa 2:30 usiku na kumaliza saa 3:30, na mwisho nao ningeuandika, maana mtu akijua ni saa moja anaweza kukaa nawe hadi mwisho. Kwenye tangazo andika kwa saa zetu, na neno "usiku" lisikosekane, kisha weka 20:30 pembeni kama simu inavyosoma. Anayekutengenezea bango akiandika "8:30" peke yake, kuna watakaosoma saa nane na nusu. Ukiwa unaipanga laivu ndani ya Instagram, chagua 20:30. Ukichagua 2:30 utakuwa umewaalika usiku wa manane au mchana.

Kuna wateja wa mpakani pia. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mteja wako wa Nakonde saa yake itasoma 19:30 ukianza, na hata wa Tunduma anaweza kukuta simu imeshika mtandao wa upande wa pili na saa imejigeuza yenyewe. Kama unauza huko, ongeza maneno matatu tu: "saa za Tanzania".

Sasa tuje kwenye "niwekee" yenyewe, maana ndiko ulikoumia. Utaratibu wake uwe na hatua tatu kwa mpangilio huu: mteja anauliza, wewe unathibitisha kwamba ipo, ndipo analipa kianzio. Watu wengi wanaruka hatua ya katikati. Wanaweka namba ya malipo kwenye bango, watu wanalipa wenyewe, na seti ya mwisho inalipiwa na watu watatu ndani ya dakika tano. Hapo utakuwa unarudisha hela za wawili, na mmoja atakuita tapeli kwenye komenti kabla hujamaliza.

Inavyofanyika ni hivi. Neema wa Uyole anatuma WhatsApp: "NIWEKEE BARIDI, Neema, Uyole". Msaidizi wako anatazama daftari. Ukurasa wa baridi umeandikwa tayari mistari 1 hadi 12, na kati ya mstari wa 8 na wa 9 umepigwa mstari mnene. Chini yake ni za laivu. Mstari wa 5 uko wazi. Anaandika "Neema, Uyole" kwa penseli, na saa ujumbe ulipoingia, kisha anajibu: "Ipo, ni namba 5. Lipa kianzio 5,000 ndani ya dakika 30." Neema akilipa, jina linapitiwa kwa kalamu ya wino na msaidizi anamjibu: "Umewekewa Baridi namba 5. Baki ni 15,000, mwisho Jumapili saa 10:00 jioni." Dakika 30 zikipita kimya, penseli inafutwa na anayefuata anaitwa. Huhitaji kumkaripia mtu wala kumbembeleza, muda umeshasema. Mstari wa 8 ukijaa wino, unaposti kwamba oda za kabla zimeisha na zilizobaki ni za laivu.

Watakaochelewa waandike chini ya ukurasa, kwa mpangilio walivyokuja, bila kupokea hela yao. Hao ndio wa akiba. Nafasi ikifunguka unampigia wa kwanza. Mtu wa akiba aliyeitwa kweli hukuamini kuliko aliyepata moja kwa moja.

Kianzio kiwe kama robo ya bei. Kwa seti ya 20,000 weka 5,000. Kwa zile za 35,000 na kuendelea weka 10,000. Kikiwa kidogo mno, 1,000 hivi, mtu anakiacha bila kuumia na unarudi kulekule kwa mwezi uliopita. Kikiwa bei nzima, mteja mpya ambaye hajawahi kufika kibandani kwako ataogopa, na ana haki ya kuogopa. Useme pia mapema kianzio kinakwendaje mambo yakiharibika. Ningekushauri hivi: kosa likiwa lako, mzigo haupo au umeharibika, unarudisha hela yote siku hiyohiyo. Mteja akighairi mwenyewe, kianzio kinabaki kama hela yake ya kununulia kitu kingine ndani ya siku 7. Kuila kabisa ni kujitafutia maneno sokoni, na Mwanjelwa maneno yanatembea.

Malipo yathibitishwe kwenye simu yako, usitegemee skrini shoti ya mteja. Skrini shoti inahaririwa, na meseji ya uongo ya malipo inaandikwa ikafanana kabisa na ya kweli. Ya kweli inaingia kwa jina la huduma yenyewe, M-Pesa au Airtel Money, haiji kutoka namba ya kawaida ya mtu. Ukiwa na shaka yoyote, ingia menyu uangalie salio: *150\*00# kwa M-Pesa, *150\*60# kwa Airtel Money, *150\*01# kwa Mixx by Yas, *150\*88# kwa HaloPesa. Kwenye tangazo andika jina litakalotokea mteja akiingiza namba yako, ili akiona jina jingine asiweke namba ya siri. Jina hilo linamlinda yeye, na linakulinda wewe dhidi ya anayeiba bango lako na kubadilisha namba chini.

Na bei ziandike. "Bei inboksi" inakuletea maswali 60 ya bei, na wakati unayajibu mwenye hela ameshaondoka. Andika bei ya seti na bei ya kununua kimoja kimoja, ili punguzo lionekane kwa hesabu. Kwa mfano wetu: losheni 12,000, mafuta ya nazi 7,000, lipubamu 4,000, jumla 23,000, seti ni 20,000. Umempunguzia 3,000. Kabla hujaiandika hiyo 20,000, toa uliyonunulia, toa mfuko wa kufungia na toa bando la laivu, uone kilichobaki kinakutosha. Usafiri usiuchanganye ndani ya bei, useme kwamba ni juu ya mteja.

Tangazo lenyewe basi lisomeke hivi. Bango la picha weka, lakini maneno haya yawe pia kama maandishi ya kawaida chini yake, kwa sababu mteja mwenye bando dogo hafungui picha, na maandishi anaweza kuyanakili akamtumia dada yake.

> LAIVU YA VIPODOZI, JUMAMOSI TAREHE 18 JULAI
> Saa 2:30 usiku hadi 3:30 usiku (20:30 hadi 21:30, saa za Tanzania), kwenye Instagram yetu.
>
> SETI YA BARIDI, 20,000 (kimoja kimoja 23,000). Losheni ya glisarini, mafuta ya nazi, lipubamu. Ziko 12: 8 za kuwekewa oda sasa, 4 za laivu. Mafuta ya nazi huganda kwa baridi ya Mbeya, hayajaharibika.
>
> SETI YA USO, 38,000 (kimoja kimoja 42,000). Sabuni ya uso, seramu ya vitamini C, sanskrini. Ziko 7: 4 za oda sasa, 3 za laivu.
>
> SETI YA SHEREHE, 35,000. Faundesheni, poda, lipstiki. Weupe 2, maji ya kunde 5, weusi 3. Hii ni kwa oda ya kabla tu, mwisho Jumamosi saa 10:00 jioni. Tuma picha ya uso uliyopiga mchana dirishani, bila filta, tukuchagulie rangi.
>
> KUWEKEWA: Tuma WhatsApp neno NIWEKEE, jina la seti, jina lako na mahali ulipo. Usilipe kabla hatujakujibu kwamba ipo. Ukijibiwa, lipa kianzio ndani ya dakika 30: Baridi 5,000, Uso na Sherehe 10,000. Lipa Namba yetu utaiona kwenye jibu. Hakikisha jina linalotokea ni la duka letu. Komenti peke yake haiwekei oda.
>
> Baki ilipwe kabla ya Jumapili saa 10:00 jioni. Ukighairi, kianzio kinakuwa hela yako ya kununulia kingine ndani ya siku 7. Tukikosea sisi, unarudishiwa yote siku hiyohiyo.
>
> Kuchukua: kibandani Mwanjelwa kuanzia Jumatatu asubuhi. Mikoani: kwa basi Jumatatu, nauli ya mzigo ni ya mteja.

Utaona sikuweka "ngozi itang'aa kwa siku tatu" wala "inaondoa madoa yote". Ahadi ya namna hiyo huwezi kuitimiza, na wateja wameshajifunza kwamba krimu inayobadilisha rangi ya ngozi haraka mara nyingi ina kitu cha hatari ndani. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na TBS ndiyo inayosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Kama kuna kitu kwenye mzigo wako ambacho hakina orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe, kitoe kwenye seti. Usikionyeshe kwenye laivu.

Ile sentensi ya mafuta ya nazi nayo usiidharau. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Mbeya mwezi wa saba hilo ni kila siku. Mteja anafungua chupa, anakuta kitu cheupe kigumu, anaamini umemuuzia feki. Ukisema mapema, na ukaonyesha kwenye laivu chupa moja iliyowekwa kwenye maji ya uvuguvugu ikirudi kuwa mafuta, swali hilo litakufa.

Ratiba ya kuposti iwe fupi. Jumatano jioni posti tangazo zima na ufungue oda. Alhamisi na Ijumaa posti tu kilichobaki: "Baridi zimebaki 3 kati ya 8." Namba inayopungua kweli inauza kuliko kupiga kelele, mradi iwe ya kweli, iliyotoka kwenye daftari. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo ya Alhamisi haimfikii mtu wa Jumamosi. Irudie Jumamosi asubuhi na saa 12:00 jioni. Ukitumia orodha ya kutuma kwa wengi kwenye WhatsApp, kumbuka inawafikia wale tu walioihifadhi namba yako. Wateja wapya waombe waihifadhi unapowajibu kwa mara ya kwanza, vinginevyo utatuma na hakuna atakayepata.

Jumamosi yenyewe usiwe peke yako. Wewe uko mbele ya kamera. Msaidizi ana simu ya WhatsApp na daftari, na hazungumzi na kamera. Anza saa 2:30 kamili hata wakiwa watu sita. Sema seti zilizobaki, bei, na utaratibu wa kuwekewa, kisha uyarudie kila wanapoingia watu wapya, kama kila dakika kumi. Za laivu zifungue moja baada ya nyingine: "Sasa nafungua zile 4 za Baridi." Muda wa kulipa kianzio ukate uwe dakika 10 badala ya 30, na uutaje.

Hapo ndipo utakapoona kwa nini nimeandika kwamba komenti haiwekei oda. Laivu inamfikia kila mtazamaji kwa kuchelewa sekunde kadhaa, na si wote kwa kiasi kimoja. Watu wawili wakiandika "yangu" karibu pamoja, kila mmoja anaweza kuona yake ndiyo iliyotangulia kwenye simu yake, na wote wawili watakuwa wakweli. Wakigombana huna ushahidi wa kuwaamua. Ujumbe wa WhatsApp ukiingia kwenye simu moja, ya duka, una mpangilio mmoja tu, na huo ndio unaousoma kwa sauti: "Namba 9 ni Rehema wa Makambako, namba 10 ni Tumaini wa Soweto." Taja jina la kwanza na mahali, namba ya simu ya mteja usiisome wala kuionyesha kwenye kamera.

Umeme ukikatika katikati, mpango uwe umeshatangazwa: "Tukipotea, tunarudi ndani ya dakika 15, oda za WhatsApp zinaendelea." Simu ya laivu iwe imejaa chaji na bando liwe ndani ya simu hiyo, usitegemee waifai ya jirani.

Zikiisha, hariri tangazo usiku huohuo, uandike IMEISHA mbele ya kila seti iliyokwisha. Usilifute. Atakayeliona Jumapili aone kwamba zilikuwepo na ziliuzwa, na aandikwe wa akiba. Jumapili saa 10:00 jioni funga daftari: aliye na wino na baki imelipwa anafungiwa mzigo, ambaye baki haijafika apigiwe mara moja, asipopatikana seti yake inakwenda kwa wa akiba na kianzio chake kinabaki kwa jina lake kama mlivyokubaliana.

Mizigo ya Kyela ifunge tofauti na ya Njombe. Njombe ni baridi, mafuta ya nazi yatafika yameganda na hayatavuja. Kyela kuna joto, yatayeyuka njiani. Zungushia selotepu kwenye kifuniko, vika chupa mfuko wake wa nailoni, isimamishe wima katikati ya losheni na sabuni, na juu ya boksi andika upande wa juu ni upi. Piga picha mzigo ukiwa wazi kabla ya kufunga na picha ya risiti ya basi, umtumie mteja zote mbili pamoja na saa basi lilipoondoka, ajue lini aende stendi.